Promosheni ya mtandaoni: nani anapika kila sahani?

Msimu wa sikukuu unapokaribia, bei za matangazo hupanda na kila mwenye duka la mtandaoni hutafuta namna ya kuwafikia wateja wote kwa siku moja. Fedha nyingi huenda kwenye tangazo. Tovuti itakayopokea watu hao hukumbukwa ikiwa imeshaanguka, na hapo ndipo uongozi unapoamua kukodi seva kubwa zaidi. Kwa maoni ya safu hii, mara nyingi uamuzi huo ni ghali na haugusi kiini cha tatizo.

Tuchukulie duka la vifaa vya umeme linalotuma ujumbe mfupi wa simu kwa wateja wake wote saa 3:00 usiku, na wateja 12,000 wakafungua kiungo ndani ya dakika tano. Hao ni wateja 40 kila sekunde. Seva ya duka hilo, kwa kuwa kila mara inauliza hifadhidata bei, picha na maelezo, ina uwezo wa kutengeneza kurasa 20 kwa sekunde. Foleni inaongezeka kwa watu 20 kila sekunde, na baada ya dakika moja wanaosubiri ni 1,200. Mteja anayeona ukurasa mweupe hakai kimya: anabonyeza tena, na kila anapobonyeza anaongeza kazi nyingine kwenye foleni ile ile. Ukikodi seva yenye nguvu maradufu umefika 40 barabara, bila akiba yoyote, na wiki inayofuata unalipia mashine isiyo na kazi.

Jambo la kujiuliza ni kwa nini seva inapika sahani ile ile mara 12,000. Ukurasa wa ofa ni mmoja kwa wateja wote. Ukitengenezwa mara moja, nakala yake ikawekwa kando na kugawiwa kila anayekuja, kazi ya seva inakaribia kwisha. Nakala hiyo ndiyo mafundi wanaiita kache. Mtandao wa kusambaza maudhui ni kampuni yenye seva zake katika miji mingi, inayotunza nakala hizo karibu na mteja. Cloudflare, kwa mfano, ina vituo Nairobi na Mombasa, hivyo mteja wa Kenya hahitaji kufuata ukurasa hadi seva iliyoko Ulaya.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanajiunga na mtandao wa namna hiyo, wanaona picha zinafunguka haraka, wanaamini wamemaliza. Kwa kawaida Cloudflare huhifadhi picha na mafaili ya mitindo, lakini haihifadhi ukurasa wenyewe mpaka uiamuru. Picha ni mzigo wa njia. Ukurasa ndio mzigo wa hifadhidata, nao bado unarudi kwa seva yako mara 40 kwa sekunde. Fundi wako aweke kanuni inayoruhusu ukurasa wa ofa kuhifadhiwa, na seva itoe maelekezo haya:

```
Cache-Control: public, max-age=0
CDN-Cache-Control: public, max-age=60, stale-while-revalidate=30
```

Maana yake ni kwamba simu ya mteja isitumie nakala yake bila kuuliza kwanza, ila mtandao wa usambazaji uitunze kwa sekunde 60. Muda huo ukiisha, wateja wapewe nakala ya zamani kwa hadi sekunde 30 nyingine wakati mpya inaletwa. Kipande hicho cha mwisho si mapambo. Bila namna fulani ya kuwazuia, nakala inapoisha muda katikati ya kilele maombi mengi huweza kuirudia seva kwa mkupuo mmoja, na tovuti iliyosimama vizuri kwa dakika nzima ikaanguka katika sekunde ya 61.

Kuthibitisha si kazi ngumu. Amri hii ipigwe mara mbili mfululizo, kwa anwani yako halisi:

```
curl -sI https://duka.example/ofa
```

Kwa wanaotumia Cloudflare, mara ya pili jibu liwe na `cf-cache-status: HIT`. Likisema `DYNAMIC`, ukurasa hauhifadhiwi na umelipia picha tu. Tatizo jingine hutoka idara ya masoko: kila mteja anatumiwa kiungo chenye namba yake, kama `?mteja=48213`, ili ijulikane nani kafungua. Kwa mtandao wa usambazaji hizo ni anwani 12,000 tofauti, na hakuna nakala hata moja inayomfaa mtu wa pili. Ama wote watumiwe kiungo kimoja, ama mtandao uamriwe kuipuuza namba hiyo.

Baada ya kusema hayo, safu hii haimshauri yeyote kuhifadhi kila kitu. Tarehe 25 Desemba 2015, duka la michezo ya kompyuta la Steam, mali ya kampuni ya Valve ya Marekani, lilikuwa katika mauzo ya msimu liliposhambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia. Kampuni ilieleza baadaye kuwa maombi yalipanda kwa asilimia 2,000 juu ya kawaida. Ili kuiokoa tovuti, kanuni za kache ziliwekwa kupitia mshirika wake, na katika wimbi la pili kanuni iliyowekwa ilihifadhi pia kurasa za wateja waliokwisha kuingia katika akaunti zao. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi, mteja aliweza kufungua ukurasa wake akakuta anwani ya mtu mwingine, barua pepe yake na historia ya manunuzi yake. Valve ilitaja wateja wapatao 34,000. Duka lilifungwa mpaka kasoro iliporekebishwa.

Kanuni ile iliandikwa moto ukiwa umeshawaka. Ndiyo sababu tunasema mgawanyo wa kurasa ufanywe wiki kadhaa kabla ya ofa. Ukurasa wa ofa na wa bidhaa uhifadhiwe. Akaunti, kikapu na malipo vipewe `Cache-Control: private, no-store`, na kanuni za mtandao zisiziguse anwani hizo kabisa. Kisha watu wawili, kila mmoja na simu yake na akaunti yake, wafungue kurasa hizo kwa zamu. Neno `HIT` likionekana hapo hata mara moja, ujumbe usitumwe.

Inabaki idadi ya bidhaa. Ukurasa uliohifadhiwa ukisema zimebaki runinga 14, kwa dakika nzima kila anayefika atasoma 14, hata kama zimekwisha. Idadi iulizwe pembeni kwa ombi dogo, na bei isomwe upya kwenye hifadhidata mteja anapoingiza bidhaa kikapuni. Runinga nayo itengwe kwa jina la mteja kabla hajaombwa namba ya siri ya simu yake, la sivyo utarudisha fedha za watu usiku kucha.

Mwekezaji mdogo anayefikiria kuingiza akiba yake katika duka la namna hii anaweza kuuliza swali moja: wakati wa ofa iliyopita, asilimia ngapi ya maombi ya kurasa, picha zikiwekwa kando, ilijibiwa na nakala? Mtandao wa usambazaji huonyesha takwimu hizo kwa mwenye akaunti. Meneja anayetaja asilimia ya jumla tu anakupa ya picha.

Malipo yenyewe hayana nakala. Katika mfano wetu, wakinunua watu watano katika kila 100, seva itapokea manunuzi mawili kwa sekunde, kazi ambayo mashine ile ile ya kurasa 20 inaimudu. Ofa ikiwa tamu mno na nusu ya wageni wakataka kulipa, manunuzi ni 20 kwa sekunde, foleni inarudi, na hapo ndipo hoja ya seva kubwa inapopata nafasi yake.