Si Kila Kinachopungua ni Tozo

Ndugu yangu mwenye duka hapa Migato, utalala hadi lini? Unafungua taarifa ya miamala, unateremka mpaka chini, unaona salio, unafunga simu. Umekagua nini? Hujakagua kitu!

Salio likipungua unajibu haraka: "Ni tozo hiyo." Tangu serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021, neno hilo limekuwa blanketi letu. Tunajifunika, tunalala. Mali bila daftari huisha bila habari, na taarifa hiyo ndiyo daftari lenyewe.

Mwezi uliopita niliketi na jirani yangu, taarifa yake iliyochapwa ikiwa juu ya gunia la sukari. Nilimwomba jambo moja: tusome mstari kwa mstari. Salio la juu, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, toa makato. Jibu lazima liwe salio la mstari huo. Lazima!

Salio lilikuwa 412,000. Mteja akalipa 65,000, likawa 477,000. Sawa. Akamtumia muuzaji wa jumla wa Bariadi 300,000, makato 3,500, likabaki 173,500. Sawa. Kisha mteja akalipa 10,000, na salio likasomeka 163,000.

Pesa imeingia, salio limeshuka! Lilipaswa kuwa 183,500. Shilingi 20,500 zimepita wapi? Tozo gani hiyo inayokata anayepokea?

Tukatazama namba za kurasa chini ya karatasi. Ukurasa wa pili, kisha wa nne. Wa tatu haukuchapwa, na jirani yangu hakuwahi kuhesabu kurasa zake. Tulipoupata, tulikuta mauzo ya siku mbili na, katikati yake, marejesho ya mkopo ambao kijana wa dukani aliuchukua kwenye laini ya duka bila kumwambia. Kila pesa ilipoingia, deni lilikula kwanza. Wiki tatu nzima anailaani tozo!

Kujumlisha peke yake kusingetosha. Salio la mwanzo, na vyote vilivyoingia, toa vyote vilivyotoka pamoja na makato: hesabu hiyo itakuambia kuna shimo. Mahali lilipo shimo utaonyeshwa na mnyororo wa salio, pale unapokatika.

Lakini usimrukie mtu kwa hasira. Miamala miwili ya dakika moja huweza kuorodheshwa kinyume. Ibadilishe nafasi, hesabu tena. Na makato yakiwa na mstari wake, usiyatoe mara mbili.

Makato nayo yana ngazi. Mzigo mmoja ukiulipia vipande vitatu, umekatwa mara tatu. Nani alikulazimisha?

Jirani yangu sasa anaanza na namba za kurasa. Wewe, taarifa yako iko wapi? Itoe, kalamu mkononi, anza mstari wa kwanza.