Hesabu ya Nguvu Katika Pakiti ya Biskuti

Juma lililopita binti wa ndugu yangu alinijia baada ya Alasiri, mkononi ana karatasi ya jaribio. Anasoma fani ya lishe chuoni, na alikuwa amepoteza alama katika swali moja ambalo, kwa maneno yake, "lilikuwa la kujumlisha tu."

"Shikamoo, ami. Nitazamie hesabu hii. Nimejumlisha mara tatu, jibu ni lile lile, na mwalimu amelikata."

Nikaitika marahaba, nikavaa miwani. Swali lilinakili kibandiko cha pakiti ya biskuti. Katika kila gramu 100 za biskuti hizo mna protini gramu 7. Wanga gramu 66, na chini yake imeandikwa kwamba sukari ni gramu 22. Mafuta gramu 20, na chini yake kwamba mafuta ya aina igandayo ni gramu 9. Nyuzinyuzi gramu 3. Na chumvi gramu 0.8. Mahali pa nguvu pameachwa wazi. Mwanafunzi ajaze: chakula hiki kinatoa kilokalori ngapi?

Kanuni anayotumia kila mwanafunzi wa lishe ni fupi. Gramu moja ya protini huhesabiwa kilokalori 4, gramu ya wanga 4, gramu ya mafuta 9, na gramu ya nyuzinyuzi 2. Chumvi na maji havina nguvu ya kuhesabiwa. Asili ya kanuni hii ni kazi ya mkemia wa Kimarekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19. Kwanza chakula huchomwa ndani ya chombo kilichofungwa na joto lake likapimwa. Kisha hutolewa kile ambacho mwili haukitumii. Protini ikichomwa chomboni hutoa zaidi ya kilokalori 5 kwa gramu, lakini mwili hauimalizi kuichoma, kwani naitrojeni yake hutoka katika mkojo ikiwa bado na nguvu kidogo, na sehemu nyingine ya chakula hutoka pamoja na choo. Ndiyo sababu inabaki 4. Mafuta yana haidrojeni nyingi na oksijeni chache, kwa hivyo yana mengi zaidi ya kuchomeka, nayo hufikia 9.

Basi tukaifanya hesabu pamoja, mstari kwa mstari:

Protini: 7 × 4 = 28
Wanga: 66 × 4 = 264
Mafuta: 20 × 9 = 180
Nyuzinyuzi: 3 × 2 = 6
Jumla: 478

Jibu lake yeye lilikuwa 647. Nikamuuliza zile 169 za ziada amezitoa wapi. Akanionyesha: sukari 22 × 4 ni 88, na mafuta yagandayo 9 × 9 ni 81. Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Sukari ni wanga, na gramu zake 22 zimo tayari ndani ya zile 66. Mafuta yagandayo nayo yamo ndani ya zile 20. Mtu akikuambia nyumbani kwake wako watu kumi, wanne wao wakiwa watoto, huandai sahani kumi na nne.

"Lakini ami, kibandiko kimeziandika kwa mstari wake. Mtu atajuaje?"

Swali zuri, na dalili zipo mbili. Ya kwanza ni ya macho: mstari wa sukari husogezwa ndani kidogo, au hutanguliwa na maneno ya kuonyesha kwamba ni sehemu ya ule wa juu. Ya pili ni ya hesabu, nayo haidanganyi: jumlisha gramu zenyewe kabla ya nguvu. Hapa 7 na 66 na 20 na 3 na 0.8 ni gramu 96.8, zilizobaki ni maji na madini, jambo la kawaida kwa biskuti kavu. Ukiongeza 22 na 9 unapata gramu 127.8 ndani ya gramu 100 za biskuti, na hilo haliwezekani. Ukiona uzito umepita 100, jua umehesabu kitu mara mbili.

Nyuzinyuzi zina mtego wake pia. Katika vibandiko vya Ulaya wanga huandikwa bila nyuzinyuzi, kama ilivyo katika swali hili. Katika vibandiko vya Marekani nyuzinyuzi huwa ndani ya jumla ya wanga. Biskuti hizo hizo zingeandikwa huko wanga gramu 69, na nyuzinyuzi 3 zikiwa chini yake. Hapo mwanafunzi hutoa 3 kwanza, ndipo azidishe kwa 4. Asipotoa, akazihesabu kwa 4 kisha tena kwa 2, jumla itakuwa 490 badala ya 478.

Sehemu ya pili ya swali iliuliza: ni asilimia ngapi ya nguvu hiyo inatoka katika mafuta? Wengi huandika 20, kwa kuwa mafuta ni gramu 20 katika 100. Lakini hiyo ni asilimia ya uzito. Kilichoulizwa ni nguvu: 180 gawanya kwa 478, nayo ni karibu asilimia 38. Biskuti ambazo mafuta ni sehemu moja tu ya tano ya uzito wake zinatoa zaidi ya thuluthi ya nguvu yake kwa mafuta.

Binti akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kosa la alama nne tu, ami." Nikamwambia achukue mfano wa mzee aliyekonda baada ya maradhi, ambaye anatakiwa aongezewe kilokalori 478 kwa siku. Kwa hesabu sahihi atapewa gramu 100 za chakula hiki. Kwa hesabu ya 647 atapewa gramu 74 tu, na kila siku atapungukiwa na robo ya nyongeza yake, huku daftari likionyesha kwamba amekula ya kutosha. Atakapopimwa uzito usipande, watadhani ni maradhi.

Hata hivyo, 4 na 9 ni wastani. Lozi zikiliwa nzima, baadhi ya mafuta yake hubaki yamefungwa ndani ya kuta za chembe na kutoka bila kusagwa, hivyo mwili hupata pungufu ya kilichoandikwa. Kilojuli nazo zina namba zake: 17 kwa protini na wanga, 37 kwa mafuta, 8 kwa nyuzinyuzi. Biskuti zetu hutoka kilojuli 2005, ilhali 478 ikizidishwa kwa 4.184 ni 2000. Tofauti hiyo ni ya kukadiria namba tu. Lakini mtu akisoma 2005 akadhani ni kilokalori, akumbuke kwamba hata mafuta matupu hayapiti kilokalori 900 kwa gramu 100.

Nakuachia kazi ya jioni pamoja na watoto. Maziwa ya pakiti yana, kwa kila mililita 100, protini gramu 3.3, wanga gramu 4.8, ambayo yote ni sukari, na mafuta gramu 3.5. Gilasi ya mililita 250 ina kilokalori ngapi? Atakayepata karibu 160 amefahamu. Atakayepata 208 amehesabu sukari mara mbili.