Mazuku haikutishia mutu: mutuludishie kikundi chetu

Barua ya wazi kwa kampuni iliyofuta kikundi chetu, na kwa ndugu na dada wote wa Goma

Wakubwa wa kampuni,

Siku ya posho asubuhi tuliamuka, tukafungua telefone, kikundi hakiko. Watu zaidi ya 11,000, miaka ya kazi, picha, sauti, majina ya mashimo, vyote vimeenda. Mahali pake mulituachia sentensi moja tu: kikundi kimevunja kanuni za jamii. Kanuni gani? Chapisho gani? La nani? Kimya. Hata mwalimu wa primeri akikupiga sifuri anaonyesha kosa kwa kalamu nyekundu.

Tulianza kile kikundi mwezi wa tano 2021. Tarehe 22 Nyiragongo ilitoka, tarehe 27 wakubwa wakaamuru kartie 10 kati ya 18 za muji zihame, watu wakatawanyika njia ya Sake, njia ya Rutshuru, wengine Gisenyi. Tulikuwa tunatafuta watoto waliopotea njiani. Watu waliporudi, kikundi kikabaki na kazi ya pili, ile ambayo sasa mumeikata: mazuku.

Ninyi hamuijui, basi tuwaeleze. Kati ya Goma na Sake, pembeni ya ziwa, mawe ya volkano yamejaa mashimo na mabonde madogo. Ndani ya ardhi kunatoka gazi ya kaboni, ile ile ya ndani ya chupa ya fanta. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, njo maana haipandi. Inashuka na kukaa chini kama maji ndani ya beseni. Haina rangi wala harufu. Usiku na asubuhi mapema, upepo ukitulia, beseni inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua, na mutu anapita mchana anasema hakuna kitu. Mutu mzima anaweza kusimama akiwa na kichwa hewani, wakati mbuzi aliye pembeni yake anakufa. Mutoto naye urefu wake ni wa mbuzi.

Watu wanaofika Mugunga na Bulengo kwa kukimbia vita hawajui haya. Wanaona nafasi tupu, wanajenga kibanda hapo chini, mahali upepo haupigi. Wanafikiri wamepata bahati. Wenyeji waliiacha ile nafasi tupu kwa sababu. Obsevatwari ya volkano ya Goma inafanya utafiti juu ya mazuku, lakini kibao kando ya shimo hakimfikii mama anayefika usiku na bidoni na watoto wanne. Sisi tulikuwa tunamfikia. Mutu anaandika: niko nyuma ya kanisa fulani, iko salama? Mwenyeji anajibu ndani ya dakika kumi: hapana mama, pandeni juu, hapo mbwa walikufa mwaka jana. Mashimo 43 tulikuwa tumeyaandika hivyo, moja moja, kwa maneno ya watu wenyewe.

Sasa kosa lenyewe. Kwa kuwa hamukusema, tulilazimika kulitafuta. Siku mbili kabla ya kufutwa, kijana mmoja wa Bulengo alipiga picha ya mbuzi watatu waliokufa ndani ya shimo, akaandika: «Mazuku itaua watoto wenu mukiwalaza chini». Wanachama wawili wakaichukua na kuiweka tena, juu ilikuwa ya maana. Yale machapisho matatu yalitoweka ijumaa, na wale watatu walipata onyo. Kikundi kikafuata usiku.

Tunavyofahamu sisi, ilienda hivi. Mashine iliona nyama zilizokufa na maneno «itaua watoto wenu». Neno mazuku haliko katika kamusi yake. Ukiondoa mazuku, sentensi inabaki kitisho: kuna kitu au mutu atakayeua watoto wenu. Tena picha ikishapigwa alama kuwa mbaya, mashine inahifadhi alama yake ya kidole, na kila nakala inaondolewa bila mutu kuitazama. Basi onyo moja lililosambazwa na watu watatu likahesabiwa makosa matatu, na kikundi chenye makosa matatu ndani ya siku mbili kikaonekana genge. Kadiri onyo lilivyokuwa la lazima, ndivyo lilivyosambazwa, na ndivyo tulivyoonekana wabaya. Hakuna mutu wa Goma angekosea hivyo. Hata mutoto wa miaka saba wa Keshero angewaambia.

Tulibonyeza kitufe cha rufaa. Jibu lilirudi baada ya dakika nne: uamuzi unabaki. Dakika nne! Kuna nani anayesoma Kiswahili cha Kivu kwa dakika nne, usiku wa siku ya yenga?

Na hapa ndipo hasira yetu inapanda. Ulaya kuna sheria ya huduma za kidijitali, inayofanya kazi kwa majukwaa yote tangu tarehe 17 mwezi wa pili 2024. Inalazimisha kampuni itaje sababu ya kufuta, ipokee malalamiko bure kwa miezi sita, na jibu lisitolewe na mashine peke yake. Kwa hiyo munajua kufanya. Mashine ile ile, kanuni zile zile, lakini mutu wa Bruseli anapewa sababu na mutu wa Mugunga anapewa dakika nne. Dada mmoja anayesimamia kikundi pamoja nasi anaishi Bruseli. Ameshapeleka malalamiko kwa jina lake, chini ya sheria hiyo. Ni haya kubwa kwamba shimo la Bulengo linapaswa kupitia Bruseli ili lisikilizwe.

Sisi wasimamizi ni watano. Wane tuna diploma na hakuna mwenye kazi. Mega za kusimamia kikundi tulikuwa tunachanga. Hatudai pesa. Tunaomba mutu anayejua Kiswahili cha huku asome yale machapisho matatu pamoja na maelezo tuliyotia, tena yale maonyo ya wanachama watatu yafutwe, maana yakibaki kikundi kitaanguka tena mvua ijayo. Na wakati munasoma, musifute yaliyohifadhiwa. Kikundi kikirudi kitupu, yale mashimo 43 hayatakuwamo.

Kwenu wenzetu: musifungue kikundi kipya kwa jina lile lile, mashine itasema tunakwepa adhabu. Musitume rufaa mia kwa akaunti mia, itaonekana shambulio. Na yule kijana anayewaandikia inbox kwamba kwa dola 50 atarudisha kikundi, ni mwizi, musimupe namba ya siri. Kitu munachoweza kutusaidia ni hiki: kama ulipiga picha ya skrini ya shimo lolote, na majibu ya wenyeji, utuletee. Tunayaandika upya katika kalenda ya shule, kwa bike. Mpaka jana tumefikia 17.

Namba ya kikundi, saa ya kufutwa, na tafsiri ya kila neno viko ndani ya barua tuliyowatumia. Tunangoja jibu la mutu.

Wasimamizi wa kikundi cha mazuku, Goma