Kiatu kimerudi dukani: namna ya kuandika feza zilizorudishwa

Juma lililopita tulipokea ulizo kutoka kwa mama mmoja mtunza sanduku. Kundi lao lilinunua viatu vya watoto mbele ya masomo kufunguliwa, kisha pea zingine zikarudishwa dukani kwa sababu ni ndogo. Muuzaji akarudisha feza. Mama anauliza: hizi feza tuziandike wapi? Wenzake wamoja wanasema ziandikwe kama feza zilizoingia, sawa na michango. Wengine wanasema lile neno «dola 180» lifutwe na liandikwe upya.

Tunajibu kwamba njia zote mbili zinaharibu kaye. Feza zinazorudi kutoka dukani si mchango, wala si faida. Ni sehemu ya ile feza ya kwanza iliyotoka, imerudi nyumbani. Kwa hiyo karatasi ya kurudisha lazima ifungwe pamoja na fakture ya kununua, na matumizi yapunguzwe kwa kiasi hicho, lakini bila kufuta kilichoandikwa mbele.

Tufuate habari ya kundi hilo hatua kwa hatua, maana ina karibu kila kitu kinachowasumbua watunza sanduku.

Tarehe 16 Agosti walinunua pea 20 za viatu vyeusi. Bei ilikuwa dola 10 kwa pea moja, basi dola 200. Kwa kuwa walinunua nyingi, muuzaji alipunguza dola 20, wakalipa dola 180. Kwenye fakture, katika mstari wa viatu, bado imeandikwa dola 10 kwa pea. Mapunguzo yameandikwa chini kabisa, karibu na jumla. Hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Bei ya kweli ya pea moja si 10, ni 9, kwa maana 180 ukigawa na 20 unapata 9. Mkirudisha pea moja, haki yenu ni dola 9. Mkidai 10, muuzaji atakataa, na atakuwa na haki. Naye akiwapa 8, mnayo fakture ya kumwonyesha.

Tarehe 23 Agosti walirudisha pea 4. Muuzaji hakuwa na feza siku hiyo, akawapa karatasi inayosema duka lina deni lao la dola 36. Wauzaji wetu wanaiita avuari. Wiki mbili nyuma, tarehe 6 Septemba, wakarudi na karatasi hiyo. Walichukua pea 1 kubwa zaidi kwa bei ileile ya dola 9, na dola 27 zilizobaki wakalipwa kwa faranga.

Sasa kaye. Siku ya kununua, mtunza sanduku anaandika kwenye ukurasa wa matumizi: viatu pea 20, dola 180. Fakture anaipa namba yake mwenyewe, tuseme namba 7, hata kama ina namba iliyochapwa. Maduka mengi yanaandika kwa mkono katika vitabu vya kopi, na namba za vitabu viwili zinaweza kufanana. Namba ya kundi haifanani na nyingine.

Siku ya kurudisha, haendi juu kufuta 180. Anashuka kwenye mstari mpya na kuandika: 23 Agosti, viatu pea 4 vimerudi, fakture namba 7, toa dola 36. Avuari anaiandika 7R, yaani iliyorudi ya namba 7. Mbele ya kuipeleka tena dukani anaipigisha fotokopi au anaipiga picha kwa telefone. Wengi wanasahau jambo hili. Siku mnapoitumia avuari, muuzaji anaichukua, nanyi mnabaki bila kitu cha kuonyesha mkutanoni.

Siku hiyohiyo ya 23 hakuna feza iliyoingia sandukuni. Kwa hiyo ukurasa wa sanduku haubadiliki. Lakini kwenye ukurasa wa wanaotudai na tunaowadai anaandika kwamba duka lina deni letu la dola 36.

Tarehe 6 Septemba kuna mambo mawili. Pea 1 mpya ni manunuzi, anaiandika kwenye matumizi: dola 9, na mbele yake anaweka 7R ili ijulikane ililipwa kwa avuari, si kwa feza za sanduku. Kisha feza zilizopokelewa, za dola 27, zinaandikwa kwenye ukurasa wa sanduku. Kwenye ukurasa wa matumizi hazigusi tena chochote, kwa sababu zile dola 36 zilikwisha kutolewa siku viatu viliporudi. Dola 9 na dola 27 zinafanya 36, basi deni la duka limeisha, anapiga mstari juu yake.

Tunakaa hapa kidogo, kwani kosa kubwa liko hapa. Mtu anatoa 36 siku ya kupewa karatasi, tena anatoa 27 siku ya kupewa feza, akifikiri ni mambo mawili. Ni jambo moja lenye siku mbili. Kitu kinarudi mara moja, na matumizi yanapungua mara moja. Feza inayofuata inalipa deni tu.

Namna ya kujua kama kaye iko sawa ni rahisi, na mama yeyote anaweza kuifanya bila mashine. Hesabu pea zilizobaki mikononi mwa watoto: 20, toa 4, ongeza 1, ni 17. Hesabu matumizi: 180, toa 36, ongeza 9, ni 153. Gawa 153 na 17, unapata 9, bei ileile ya siku ya kwanza. Ukipata namba nyingine, rudi utafute. Kama hakuna kilichotolewa, kaye itasema dola 189 kwa pea 17, zaidi ya dola 11 kwa pea, na wamama watauliza nani amekula. Kama vimetolewa mara mbili, 36 na 27, utaona pea imeshuka chini ya dola 8, na hakuna duka lililowauzia hivyo.

Sanduku nalo lina jaribio lake: zilitoka 180, zikarudi 27, tofauti ni 153. Ukurasa wa matumizi na ukurasa wa sanduku vimekutana.

Basi faranga. Siku ya kununua walilipa kwa dola, lakini muuzaji alirudisha faranga. Wabadilishaji wa feza barabarani siku ile walikuwa wanatoa faranga 2 800 kwa dola moja. Muuzaji alihesabu 2 750, akatoa faranga 74 250. Kwa bei ya barabarani dola 27 zingekuwa faranga 75 600. Zimepungua 1 350.

Mtunza sanduku wa haraka ataandika kwamba duka limerudisha dola 26 na nusu, kwa kuwa ndizo hizo faranga zinaweza kununua. Lakini viatu havikushuka bei. Duka lilikuwa na deni la dola 27 na limelimaliza kwa bei yake ya kubadilisha. Kwa hiyo katika safu ya faranga ya sanduku aandike kile alichoshika mkononi, 74 250, na pembeni yake «kwa dola 27 za 7R, kwa 2 750». Zile faranga 1 350 ziende mstari wao wenyewe: hasara ya kubadilisha feza. Hivyo jaribio la 153 halivunjiki, na kila mtu anaona hasara imetoka wapi. Afadhali zaidi, muulize muuzaji bei ya kubadilisha mbele ya kunyoosha mkono, maana akishahesabu faranga juu ya meza ni vigumu kumrudisha nyuma.

Feza ya moto ya kupeleka viatu dukani nayo isichanganywe. Kama mama alilipa faranga 3 000 kwenda na kurudi, ni matumizi ya usafiri. Asizitoe kwenye 74 250 na kuleta 71 250 mkutanoni. Alete zote, kisha alipwe 3 000 zake na aweke saini.

Tunafika kwenye kiini cha ugomvi wao. Katika kundi hilo kila mama alikuwa amelipa dola 9 kwa kila pea ya mtoto wake. Pea 4 zilizorudi zilikuwa za wamama watatu. Mmoja ndiye aliyechukua ile pea kubwa, kwa hiyo yeye hadai kitu. Wa pili alirudisha pea mbili, anadai dola 18. Wa tatu alirudisha moja, anadai 9. Jumla 27, sawasawa na feza zilizoingia. Kama dola 27 zingeandikwa kama mchango au faida, siku ya kugawana zingeenda kwa wote, na hao wawili wangelipa viatu ambavyo watoto wao hawavai. Mmoja wao, tuliambiwa, alikuwa amekwisha kusema hatakuja tena kwenye mkutano.

Hasara ya faranga 1 350 nani aibebe? Kundi lenyewe liamue. Kwa mawazo yetu ibebwe na sanduku la wote, kwa sababu walionunua na kuchagua namba za viatu walitumwa na kundi. Hapo mama wa pili anapata faranga 50 400 na wa tatu 25 200. Mkiamua kwamba hao wawili wabebe, basi 49 500 na 24 750. Muhimu uamuzi uandikwe kwenye kitabu cha mikutano mbele ya kulipa.

Kuhusu mwezi: viatu vilirudi Agosti, feza zikaja Septemba. Msifungue tena ripoti ya Agosti. Mwishoni mwa Agosti ripoti inasema matumizi ya viatu ni dola 144 kwa pea 16, na duka lina deni la dola 36. Septemba inaongeza pea 1 kwa dola 9, na deni linaisha. Ripoti zote mbili ni za kweli kwa siku zake.

Na kama avuari haijatumiwa hadi siku ya kugawana? Isihesabiwe kama feza iliyo sandukuni, maana huwezi kumgawia mama karatasi. Isomwe kwa sauti mkutanoni, jina la anayeishika liandikwe, pamoja na tarehe ya mwisho kama duka limeiweka. Angalieni nyuma ya karatasi, mara nyingi tarehe hiyo imeandikwa huko kwa herufi ndogo.