Tangi liko mbali, waifai haifiki

Ofisi yenye ruta iko getini, na tangi la maji liko mwisho kabisa wa kiwanja, kama mita 600. Tulitaka kihisi kituambie maji yakishuka, ili akina mama wasipange jerikeni kwenye bomba kavu.

Wenzetu walitaka waifai, maana vifaa vyake Mbarara unavipata haraka. Sawa, lakini tulitembea na simu toka getini, na kabla ya mita 100 mawimbi yakaanza kukatika. Kufika kwa tangi tungehitaji kupanga vipokezi vitano au sita njiani, kila kimoja na umeme wake. Kimoja kikizima, vya nyuma yake vyote kwisha.

Sisi tunasema LoRa. Inatuma polepole sana, ndiyo maana inasikika hata mawimbi yakiwa dhaifu. Kiwango cha maji ni namba moja tu: kifaa kinaamka kila dakika 15, kinatuma, kinalala tena. Betri ndogo na sola ndogo zinatosha. Ila picha, sahau. Mkitaka kamera kule, rudini kwa waifai yenye antena mbili zinazotazamana.

Ya kwetu ilitusumbua wiki nzima. Usiku tangi likijaa ujumbe unapotea, mchana maji yakishuka unarudi. Tukalaumu betri, tukabadilisha, wapi! Kumbe antena ilikuwa nyuma ya tangi, na maji yakiwa mengi yanameza mawimbi. Tuliipandisha juu ya kifuniko, ikatulia.