Bei ya Kampuni Isiyo na Faida Bado

Tuseme vijana waliohitimu Chuo Kikuu cha SEKU, pale Kwa Vonza, wanataka kukausha maembe ya Kitui na Makueni na kuyauza Nairobi. Wanahitaji shilingi milioni 4. Wanakadiria kwamba mwaka wa tano kampuni itauzika kwa milioni 60. Mwekezaji anadai faida ya asilimia 50 kwa mwaka. Maneno ya kuwakatisha tamaa hayakosi.

"Kampuni inayokula pesa haina thamani." Msimu wa maembe ni mfupi na mkulima hulipwa papo hapo, ilhali duka kubwa hulipa baadaye. Kwa hiyo mauzo yakikua, pesa mkononi hupungua kwanza. Swali ni kama kilo moja iliyokaushwa inarudisha zaidi ya gharama ya embe, umeme, mifuko na usafiri. Isiporudisha, kukua kutaongeza hasara tu.

"Asilimia 50 ni unyang'anyi." Kwa kiwango hicho, shilingi 1 inapaswa kuwa takriban 7.6 baada ya miaka 5. Lakini tuseme kampuni 3 tu kati ya 10 za aina hii hufaulu, na zilizobaki hupoteza kila kitu. Wastani wa mwekezaji unashuka hadi kama asilimia 18 kwa mwaka. Unyang'anyi ni pale anapokata makadirio kwa hofu ya kushindwa, kisha anadai asilimia 50 juu yake: hatari moja inalipiwa mara mbili.

"Chukueni pesa zote mara moja." Milioni 4 leo zinadai milioni 30.4 mwaka wa tano, yaani asilimia 51 ya kampuni. Sasa zigawanywe. Milioni 2 za leo zinadai asilimia 25 ya thamani ya mwisho. Milioni 2 nyingine zije baada ya miaka 2, soko likishathibitika na mwekezaji ameridhika na asilimia 40. Hizo zinadai kama asilimia 9. Vijana wanabaki na takriban asilimia 65. Hatari yake ni kwamba awamu ya pili inaweza isije. Copia, iliyouza bidhaa vijijini Kenya kupitia mawakala, ilipata dola milioni 50 Januari 2022. Mei 2024 ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, baada ya kukosa mtaji mpya.

"Hizo milioni 60 ni ndoto." Ni makadirio: faida ya milioni 10 mara 6. Mnunuzi akikubali mara 4 tu, thamani ni milioni 40, na milioni 2 za kwanza zinadai asilimia 38 badala ya 25. Basi hesabu ifanywe kwa bei zote mbili kabla ya kutia sahihi, na mnunuzi anayetarajiwa atajwe ni wa aina gani. Kama vijana hawawezi kumtaja, wasikubali kugawa hisa kwa kutegemea milioni 60.