Chanjo ya Mdondo Bariadi: Tone Moja Halitoshi

Kampeni ya Kitaifa ya Chanjo na Utambuzi wa Mifugo, iliyozinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, inatoa chanjo ya kuku bila malipo. Hata hivyo, kinga dhidi ya mdondo, yaani kideri, haidumu. Chanjo ya matone hutolewa tone moja jichoni kwa kila kuku mwenye afya, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Kirusi huenea kwa kinyesi na makamasi, na kuku aliyenunuliwa mnadani anaweza kukibeba kabla ya kuonesha dalili. Hivyo, mfugaji amtenge kwa wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine. Mizoga ifukiwe, isitupwe.